Magunia 1,500 yasiyo na ankara: barua ya wazi kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, Bunge la Taifa

Waheshimiwa wajumbe,

Ninawaandikia kuhusu mstari mmoja wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470. Ni aya ya (c) ya kifungu cha 16(1), iliyoingizwa na Sheria ya Fedha ya 2023 na kuanza kutumika Januari 1, 2024. Aya hiyo inasema kwamba gharama yoyote ambayo ankara yake haikutoka katika mfumo wa ankara za kielektroniki, ule tunaouita eTIMS, haitaondolewa kwenye mapato wakati wa kupiga hesabu ya kodi, isipokuwa muamala wenyewe umesamehewa. Mnakumbuka safari ya Sheria hiyo ya Fedha mahakamani: Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta yote, na Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo aya ya (c) iko hai, na wasaga unga ninaowatunzia hesabu hapa Kitale wameanza kuilipia.

Siombi ifutwe. Naomba muone inachofanya inapofika kwenye daftari la mfanyabiashara wa faida ndogo, kisha muirekebishe mahali pawili.

Niruhusuni nianze na jambo ambalo baadhi yenu mnalijua kuliko mimi, kwa sababu barua hii itasomwa pia na wenye vinu. Kampuni ina faida mbili. Ya kwanza ni faida ya vitabuni, ile mkaguzi wa hesabu anayoitia sahihi. Kazi yake ni kumwonyesha mwenye mali na benki kama biashara imekua au imepungua, kwa hiyo inahesabu kila kilichotoka: mahindi, umeme, mishahara, uchakavu wa mashine, hata wasiwasi kwamba mteja fulani hatalipa. Faida ya pili ni ile inayotozwa kodi. Hiyo huanzia kwenye ya kwanza, kisha mhasibu hupita mstari kwa mstari akiuliza swali la kifungu cha 15: je, gharama hii ilitumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato peke yake? Halafu anageukia kifungu cha 16, ambako Bunge limeorodhesha gharama ambazo halitaki kuzisikia. Kinachokataliwa hurudishwa juu ya faida. Kile ambacho sheria inakiruhusu na vitabu havikukihesabu hupunguzwa. Mwisho wa zoezi hilo kampuni hutozwa asilimia 30.

Nichukue kinu kimoja cha mfano. Takwimu nimezifanya za mviringo ili mtu aweze kuzifuata bila kalamu, lakini umbo lake ni la vinu ninavyovijua. Mwaka 2025 kiliuza unga na pumba kwa shilingi milioni 60. Mahindi yalikigharimu milioni 46, yaani magunia 11,500 ya kilo 90 kwa shilingi 4,000 kila moja. Mishahara, umeme, mifuko, usafiri na mengineyo ya kawaida ni milioni 8.6. Uchakavu wa mashine na magari ni milioni 1.2. Mhasibu ametenga 500,000 kwa ajili ya wadeni ambao huenda wasilipe, ingawa hajui ni nani kati yao. Kuna faini ya 100,000 iliyolipwa serikalini. Na kuna 600,000 ambazo mkurugenzi alichukua kwenye akaunti ya kampuni kumlipia mwanawe karo. Jumla ya gharama ni milioni 57, na faida ya vitabuni ni milioni 3. Hiyo ni senti tano kwa kila shilingi ya mauzo. Anayeifahamu biashara ya unga hatashangaa.

Sasa tuivushe faida hiyo upande wa kodi. Uchakavu wote wa milioni 1.2 unarudishwa, kwa kuwa sheria haiutambui uchakavu aliojikadiria mwenye mashine. Ina viwango vyake katika Jedwali la Pili. Zile 500,000 za wadeni wasiojulikana zinarudishwa pia, maana deni hukubaliwa likishakuwa la mtu fulani na imeonekana kwamba juhudi za kulidai zimegonga mwamba. Faini inarudishwa. Karo inarudishwa, kwa kuwa mtoto wa mkurugenzi hasagi mahindi. Kama ingekatwa kodi kama sehemu ya mshahara wa baba yake, habari ingekuwa nyingine. Tumefika milioni 5.4. Kisha kuna la kupunguza: mwaka huo kinu kilinunua mashine mpya ya kusagia kwa milioni 4, na Jedwali la Pili linaruhusu nusu ya bei ya mashine ya uzalishaji iondolewe mwaka wa kwanza. Tunaondoa milioni 2. Faida ya kikodi inabaki milioni 3.4, na kodi ni 1,020,000.

Mwenye kinu huuliza hapo mbona faida ni milioni 3 na kodi imezidi asilimia 30 yake. Jibu liko katika kuzitenga tofauti hizo mafungu mawili, na mafungu hayo ndiyo yanayobeba hoja yangu kwenu.

Fungu la kwanza ni la tofauti zinazorudi. Tazameni ile mashine ya milioni 4. Vitabuni inachakaa kwa miaka 10, shilingi 400,000 kila mwaka. Upande wa kodi imepewa milioni 2 mwaka wa kwanza, na nusu iliyobaki itapewa robo kwa robo, 500,000 kila mwaka kwa miaka minne. Baada ya hapo sheria imemaliza kuilipia, ila vitabu vitaendelea kuandika uchakavu miaka mitano zaidi, na kila mwaka uchakavu huo utarudishwa juu ya faida. Mkijumlisha pande zote mbili mtapata milioni 4 huku na milioni 4 kule. Hakuna aliyepunjwa. Kilichotofautiana ni mwaka. Mashine za zamani za kinu hiki zilikwisha kupewa nafuu yao miaka iliyopita, na ndiyo maana mwaka huo uchakavu wake wa 800,000 umerudishwa bila chochote cha kuufidia. Ile akiba ya wadeni nayo ni ya fungu hili: siku mteja mmoja atakapofilisika na ushahidi ukapatikana, gharama itakubaliwa.

Fungu la pili ni la tofauti zisizorudi. Faini ya 100,000 haitakubaliwa kamwe, mwaka huu wala mwaka wa kumi. Karo vilevile. Hapa vitabu na sheria vimeachana moja kwa moja, na sababu inaeleweka na kila mtu: Serikali haiwezi kumpiga mtu faini kisha imrudishie asilimia 30 yake kwa mlango wa nyuma, wala haiwezi kumchangia mkurugenzi karo ya mwanawe. Tofauti ya kudumu ni adhabu au ni mpaka. Ikiwa ni adhabu, inamwangukia aliyekosa. Ikiwa ni mpaka, unatenga biashara na nyumba ya mwenye biashara. Katika orodha ndefu ya kifungu cha 16 sikumbuki tofauti ya kudumu ambayo siwezi kuiweka kwenye moja ya visanduku hivyo viwili na kumweleza mteja akanielewa, hata kama hakufurahi.

Mpaka tufike aya ya (c).

Turudi kwenye magunia. Kati ya yale 11,500, tuseme 10,000 yalitoka kwa wauzaji waliotoa ankara ya eTIMS. Yaliyobaki 1,500 yalinunuliwa getini wakati wa mavuno, gunia 20 kwa huyu, gunia 60 kwa yule, na mengine kwa dalali mwenye lori. Yalipimwa kwenye mizani, yakalipiwa kwa M-Pesa, yakasagwa, unga ukauzwa, na mauzo ya unga huo yamo ndani ya zile milioni 60 ambazo kinu kimezitangaza kwa ankara zake chenyewe. Bei yake ni milioni 6. Kwa kuwa hayana ankara ya eTIMS, milioni hizo 6 zinarudishwa juu ya faida.

Faida ya kikodi sasa ni milioni 9.4. Kodi ni 2,820,000. Faida ya vitabuni haijabadilika, ni milioni 3, kwa sababu mahindi yalinunuliwa kweli na pesa zilitoka kweli. Baada ya kodi kampuni inabaki na 180,000 kwa mwaka mzima wa kusaga. Kodi imechukua asilimia 94 ya faida. Kama magunia yasiyo na ankara yangekuwa 1,650 badala ya 1,500, kodi ingeimeza faida yote, na gunia linalofuata lingeanza kula mtaji.

Angalieni kinachosababisha hesabu iruke hivyo. Kwa mwanasheria au kampuni ya ushauri, ambayo sehemu kubwa ya gharama zake ni mishahara, gharama zinazohitaji ankara ni chache na faida katika kila shilingi ni pana. Ukimkatalia asilimia 13 ya manunuzi yake atanung'unika na kulipa. Msagaji wa unga, mnunuzi wa maziwa, mfanyabiashara wa viazi au mboga wana sura nyingine: robo tatu au zaidi ya mauzo yao ni bei ya bidhaa waliyonunua kwa mkulima, na faida ni uzi mwembamba. Asilimia 13 ya manunuzi ni kubwa mara mbili kuliko faida yote. Sheria imeandikwa sawa kwa wote, ila kwa huyu wa pili imegeuka kuwa kodi ya mauzo iliyovaa nguo za kodi ya faida.

Madhara hayaishii kwenye malipo ya mwisho. Kodi ya awamu ya mwaka unaofuata, kama hujatoa makadirio mapya, huhesabiwa kwa asilimia 110 ya kodi ya mwaka uliopita. Kinu chetu kitatakiwa kulipa 3,102,000 kwa awamu nne, yaani 775,500 kila tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kabla haijajulikana kama mwaka huo kuna faida. Kinaweza kuleta makadirio ya chini, lakini kikikosea kinatozwa adhabu. Na afisa wa mikopo wa benki, ambaye kazi yake ni kugawa kodi kwa faida ili aone kama kampuni ina afya, atakuta 94 mahali alipotarajia 30 na kitu. Nimekwisha kuulizwa na afisa wa namna hiyo kama mteja wangu alikuwa anaficha mauzo. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kodi ya namna hiyo ndiyo ambayo mtu huipata akikamatwa.

Ni lipi basi kosa linaloadhibiwa? Kama muuzaji hakutoa ankara, aliyekwepa ni muuzaji, na anayelipa ni mnunuzi. Najua hoja ya Hazina hapa: mnunuzi ana nguvu, akatae kununua bila ankara, na muuzaji atalazimika kuingia kwenye mfumo. Kwa muuzaji wa vipuri mjini hoja hiyo inafanya kazi vizuri. Nimeona maduka yaliyojisajili ndani ya wiki moja kwa sababu wateja waliacha kuja. Kwa mkulima wa gunia 60 haifanyi kazi, na sababu imo ndani ya sheria zenu wenyewe.

Gunia 60 kwa 4,000 ni shilingi 240,000. Mtu binafsi hutozwa asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza za mwaka, ambayo ni 28,800, na nafuu ya binafsi anayopewa kila mkaazi ni 28,800 vilevile. Kwa hiyo mkulima asiye na mapato mengine, hata tukijifanya kwamba mbolea na mbegu alipewa bure, hadaiwi hata senti ya kodi ya mapato. Mauzo yake yako mbali pia na shilingi milioni moja ambapo kodi ya mauzo ya jumla huanzia. Hazina haikupoteza chochote kwake. Lakini kwa kuwa hakutoa ankara, kinu kilichonunua mahindi hayo kinalipa asilimia 30 ya 240,000, yaani 72,000. Hiyo ni kodi juu ya mahindi, inayokusanywa mahali ambapo hapakuwa na kodi ya kukusanya, kutoka kwa mtu ambaye hakukosa.

Bunge liliiona kasoro hii, na nataka kulipa heshima yake. Desemba 2024 mlipitisha marekebisho yaliyomruhusu mnunuzi kuandika ankara kwa niaba ya mfanyabiashara mdogo au mkulima ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5. Hilo lilikuwa jambo la maana. Kinu kikiwa na karani makini, gunia 60 za mkulima yule sasa zinaweza kupata ankara hapohapo kwenye mizani, ilimradi mkulima atambulike kwenye mfumo na akubali. Kwa wateja wangu pengo la wakulima halisi limepungua tangu hapo. Wanaoshindwa ni wale ambao karani wao huandika manunuzi kwenye daftari mchana kutwa na kusubiri jioni kuyaingiza, wakati mkulima ameshaondoka na namba yake ya simu imeandikwa vibaya. Hilo ni kosa la kinu, na sitawaombea.

Aliyebaki nje ni dalali. Mahindi mengi ya nchi hii hayatoki shambani yakaingia kinuni. Kuna mtu katikati mwenye lori, anayekusanya gunia mbili mbili vijijini na kuleta 200 kwa safari. Safari moja kwa bei yetu ya mfano ni 800,000. Safari ya saba inamvusha milioni 5, na kuanzia hapo mnunuzi hana ruhusa ya kumwandikia ankara. Anapaswa kutoa yake. Naye hataki, si kwa sababu hajui kubonyeza *222#, ni kwa sababu akiitoa mauzo yake yote yataonekana ilhali manunuzi yake mwenyewe kule kijijini hayana karatasi. Akitozwa kodi ya faida, aya ya (c) ingemkatalia gharama zake kama inavyotukatalia sisi, na faida yake kwa gunia ni ndogo kuliko ya kinu. Kwa dalali, kuingia kwenye mfumo akiwa peke yake ni kujitia kitanzi. Hivyo analeta lori lake kwa msagaji asiyeuliza, na msagaji anayeuliza anakosa mahindi mwezi wa Mei, wakati maghala ya wakulima yamekauka na dalali ndiye pekee mwenye shehena.

Sasa nije kwenye sababu iliyowafanya muiandike aya hii, maana ilikuwepo na ni nzito. Kabla yake, kulikuwa na watu waliouza ankara tupu. Kampuni ilinunua karatasi za milioni kadhaa kutoka kwa biashara isiyo na duka wala ghala, ikaziingiza kama gharama na faida ikafutika. Kila mhasibu wa Kenya anajua hilo lilikuwepo, na atakayesema hakulisikia msimwamini. Lakini kumbukeni kwamba wale matapeli hawakuwa na upungufu wa karatasi. Karatasi ndicho kitu pekee walichokuwa nacho. Kilichokosekana ni mahindi. eTIMS imefanya kazi kubwa kwa kuwa sasa kila ankara ina mtu nyuma yake ambaye mauzo yake yanaonekana, na hilo nalikubali bila kinyongo. Ila jaribio la aya ya (c) bado ni la karatasi, na kwa jaribio hilo kinu changu chenye tiketi za mizani, taarifa za M-Pesa na unga uliouzwa kinaanguka, wakati mtu mwenye ankara safi ya kielektroniki ya bidhaa isiyowahi kuletwa anapita hadi siku atakapokaguliwa.

Na sheria yenyewe imeshakubali kwamba karatasi si kila kitu. Kanuni za ankara za kielektroniki za 2024 zimesamehe mishahara, riba, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, tiketi za abiria wa ndege, ada za benki, marekebisho ya ndani ya hesabu, na malipo ambayo kodi yake ya zuio ni ya mwisho. Ukiisoma orodha hiyo taratibu utaona kanuni moja inayoiunganisha: gharama imesamehewa pale ambapo Serikali ina njia nyingine ya kuiona au kuitoza. Mshahara unaonekana kwenye kodi ya mwajiriwa. Bidhaa ya nje inaonekana forodhani. Malipo yenye kodi ya zuio ya mwisho yamekwisha kutozwa. Ninachoomba ni kanuni hiyohiyo ifike kwenye mizani ya mahindi.

Ombi la kwanza. Tofauti itokanayo na ukosefu wa ankara ihamishwe kutoka fungu la zisizorudi hadi fungu la zinazorudi. Aya ya (c) iongezwe maneno yanayosema kwamba gharama iliyokataliwa mwaka mmoja itakubaliwa katika mwaka ambao ankara yake itatolewa, mradi gharama hiyo ingekubalika chini ya kifungu cha 15. Hapo aya itabaki na meno. Mnunuzi atalipa kodi kubwa mwaka wa kwanza, atakuwa na sababu ya kumfuata dalali hadi apate ankara, na siku ankara inatoka Hazina inayaona mauzo iliyokuwa inayatafuta. Jinsi ilivyo sasa, hesabu za mwaka zikifungwa hakuna faida kwa yeyote kuendelea kudai. Mnunuzi amekwisha kuadhibiwa na muuzaji amekwisha kusahaulika.

Ombi la pili ni la dalali. Pale ambapo mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa yananunuliwa kwa mtu aliyevuka milioni 5 na asiyetoa ankara, mnunuzi aruhusiwe kumkata kodi ndogo ya zuio iliyo ya mwisho, aiwasilishe kwa KRA pamoja na PIN au namba ya kitambulisho ya muuzaji, na gharama hiyo ihesabiwe kuwa imesamehewa kama malipo mengine ya namna hiyo. Kiwango muamue ninyi. Nawasihi tu kisizidi faida ya mtu mwenye lori, la sivyo kitarudi kwenye bei ya mkulima. Mkulima wa chini ya milioni 5 asikatwe kitu, kwa kuwa ankara ya mnunuzi inamtosha. Nawaonya pia kuhusu udhaifu wa pendekezo langu: dalali anaweza kujigawa kwa majina ya ndugu watatu, kila mmoja chini ya milioni 5. Atafanya hivyo. Lakini hata hivyo majina matatu yenye vitambulisho yatakuwa kwenye mfumo, na leo hakuna hata moja.

Sikuomba msamaha kwa gharama isiyo na ushahidi wowote. Kinu kinachosema kilinunua magunia 1,500 kwa pesa taslimu, bila tiketi ya mizani na bila jina, kikataliwe, na kikataliwe milele. Chini ya sheria zetu mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipakodi, na hapo ndipo unapostahili kuwa. Tena mkaguzi ana njia rahisi ya kujua kama ninadanganya: achukue kilo za unga na pumba zilizouzwa, aongeze zilizobaki ghalani, alinganishe na kilo za mahindi ninayodai kununua. Magunia 11,500 ni tani 1,035. Kama unga na pumba kwa pamoja havizikaribii tani hizo baada ya kuondoa unyevu na uchafu, kuna magunia ya kubuni. Kipimo hicho hakihitaji mtandao.

Kuna miaka iliyokwisha kupita. Marejesho ya 2024 yaliwasilishwa kufikia Juni 30, 2025, na wengi wa wateja wangu walirudisha gharama zisizo na ankara wao wenyewe kama sheria inavyotaka. Majirani zao hawakurudisha, wakasubiri waone. Mkiandika marekebisho yanayoanza kesho, waliotii, kwa hesabu ya mfano wetu, watakuwa wamelipa 2,820,000 na waliosubiri watakuwa wamelipa 1,020,000 kwa mahindi yaleyale. Kwa hiyo kifungu cha mpito kiruhusu ankara zitakazotolewa sasa kwa manunuzi ya 2024 na 2025 zihesabiwe katika mwaka wa kutolewa, na aliyekwisha kulipa azitumie kupunguza kodi ya mwaka huo.

Nimeambatisha kwa karani wa kamati ukurasa mmoja wa hesabu ya kinu cha mfano, kuanzia milioni 3 hadi milioni 9.4, kila mstari na kifungu chake, ili wataalamu wa kamati wabadilishe idadi ya magunia wanavyotaka na kuona kodi inavyokwenda.

Wenu mtiifu,

Mhasibu wa wasaga unga, Kitale